Tarehe ya ankara si tarehe ya fedha: acheni kuwaahidi wakulima kwa ripoti ya mfumo

Leo nina ugomvi. Sina ugomvi na wakulima. Nagombana na viongozi wa vikundi na makarani wanaofungua mfumo wa ERP, wanachapa ripoti ya fedha wanazodai, wanajumlisha, kisha wanasimama mbele ya wanachama na kusema: "Ijumaa ya wiki ijayo kila mtu analipwa." Wakiulizwa wamejuaje, wanajibu mfumo umesema.

Mfumo haukusema hivyo. Mfumo umesema nani anadaiwa kiasi gani, na karatasi inamtaka alipe lini. Fedha itaingia lini ni swali lingine kabisa, na jibu lake ni lazima ulitengeneze mwenyewe.

Nitaeleza kwa kisa nilichokishuhudia. Ni kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida, mali ya kikundi. Jina naliacha. Wanatumia ERPNext, na kwa haki niseme kumbukumbu zao ni safi: kila ankara imo, kila oda imo, kila mzigo wa mbegu ulioingia ghalani umeandikwa. Tatizo lao halikuwa uchafu wa kumbukumbu.

Jumatatu tarehe 7 Julai walikuwa na milioni 3 benki. Wakulima walikuwa wanadai milioni 18 za mbegu, na mwenyekiti alitaka kuwalipa Ijumaa tarehe 18. Muuza madumu alitakiwa kulipwa milioni 5 wiki hiyohiyo ya kwanza. Karani akachapa ripoti ya `Accounts Receivable`, akaipanga kwa safu ya `Due Date`, akaongeza oda zilizothibitishwa. Akapata hivi:

- Muuzaji wa jumla wa Dodoma: milioni 9, tarehe ya mwisho 9 Julai.
- Mtengenezaji wa chakula cha mifugo anayenunua mashudu: milioni 6, tarehe ya mwisho 14 Julai.
- Shule ya sekondari: milioni 4, imeshapitisha tarehe kwa siku 20. Karani akaiweka wiki ya kwanza, kwa kuwa "inadaiwa tayari".
- Oda ya mafuta ya huyohuyo wa Dodoma: milioni 10, kupelekwa 16 Julai.

Jumla pamoja na za benki ni milioni 32. Toa 18 za wakulima na 5 za madumu, inabaki milioni 9. Mwenyekiti akatangaza siku ya malipo.

Ijumaa tarehe 18 ilipofika, benki kulikuwa na milioni moja na nusu.

Hakuna aliyeiba. Tufungue hesabu ile mstari kwa mstari, maana makosa yake matatu nayaona karibu kila kiwanda ninachotembelea.

Kosa la kwanza: kuamini tarehe ya mwisho ya kulipa

Yule wa Dodoma si mwizi, anachelewa tu. Ukifungua ankara zake kumi zilizopita na kuhesabu siku kati ya `Due Date` na siku fedha ilipoingia, ukazipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ya katikati ni siku 16. Kwa hiyo milioni 9 za tarehe 9 Julai ni fedha za tarehe 25. Wa mashudu anachelewa siku 3, kwa hiyo fedha yake ni ya tarehe 17. Shule inalipa fungu likiingia, na fungu halina tarehe. Fedha kama hiyo haiwekwi kwenye wiki yoyote. Inaandikwa pembeni, na ikija ni heri.

Nasema chukua siku ya katikati, usichukue wastani, kwa sababu ankara moja iliyogombaniwa ikalipwa baada ya siku 90 itaharibu wastani wote. Tena usihesabu zilizolipwa peke yake. Ankara ambayo imechelewa siku 40 na bado haijalipwa ni ushahidi mkubwa kuliko zote, nayo haimo kwenye orodha ya zilizolipwa. Iingize kwa siku zake 40 kama zilivyo leo. Mteja mwenye ankara chini ya tatu bado hana tabia unayoijua, basi mpe siku za mteja wa aina yake anayechelewa zaidi.

Hapa wahasibu hunijia juu. Wanasema tarehe ya ankara ni mkataba, na kuweka siku za kuchelewa ni kumhalalishia mteja uzembe. Ndugu zangu, kudai na kukadiria ni kazi mbili. Unapompigia simu mteja, shika tarehe ya mkataba na usimwachie hata siku moja. Unapomwahidi mkulima, shika tabia ya mteja. Mkulima hana mkataba na yule wa Dodoma. Kwa nini abebe yeye uzembe wake?

Kosa la pili: kuhesabu oda nzima

Oda ya milioni 10 ilikuwa imeshapelekwa nusu na zaidi. Mafuta ya milioni 6 yalitoka mwezi Juni na ankara yake ilikuwa ndani ya zile milioni 9. Karani alihesabu milioni 6 mara mbili. Mfumo ulikuwa unamwonyesha: kwenye `Sales Order` ile, `per_billed` ilisoma 60. Hakuitazama.

Kinachohesabiwa kwenye oda ni sehemu isiyotolewa ankara tu. Nayo hailipwi siku ya kupeleka mzigo. Unapeleka, unatoa ankara, mteja anapewa siku zake za mkopo, kisha anachelewa kama alivyozoea:

```
bado = grand_total * (1 - per_billed / 100)
siku_ya_fedha = delivery_date + siku_za_mkopo + siku_za_kuchelewa
```

Kwa oda yetu, iliyobaki ni milioni 4. Inapelekwa 16 Julai, siku za mkopo 14, kuchelewa 16. Hiyo ni fedha ya 15 Agosti. Karani alikuwa ameiweka katikati ya Julai.

Kama mteja ametanguliza malipo ya oda, yatoe pia, maana fedha hiyo iko benki tayari. Ila angalia kwanza kama yamekwisha kukatwa kwenye ankara. Yakiwa yamekatwa, ankara imeshapungua, na ukiyatoa tena utakuwa umekosea upande wa pili.

Kosa la tatu: kudhani deni lisilo na ankara si deni

Mishahara ya vibarua na umeme, milioni 2.5, ilitakiwa kulipwa kabla ya tarehe 18. Haikuwemo kwenye `Accounts Payable` kwa sababu hakuna aliyetoa ankara. Vivyo hivyo mbegu iliyopokelewa ghalani lakini haijatolewa ankara hukaa kwenye `Purchase Receipt` yenye hali ya `To Bill`, na kwenye orodha ya wanaokudai haionekani. Mkulima wa mzigo huo anajua anakudai. Wewe ndiye hujui. Fungua orodha hiyo kila mara, kisha ongeza kwa mkono mishahara, umeme, rejesho la mkopo, na PAYE inayotakiwa kufika TRA si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata.

Hesabu ya kweli

Mpaka Ijumaa tarehe 18: milioni 3 za benki na 6 za mashudu ni 9. Toa 5 za madumu na 2.5 za mishahara na umeme. Inabaki milioni moja na nusu, ndiyo ileile iliyokutwa benki. Pengo la kuwalipa wakulima ni milioni 16.5.

Angalia pia mwisho wa safari. Hata fedha za Dodoma zote zikiingia na shule ikalipa, baada ya kuwalipa wakulima kinabaki nusu milioni, wala si milioni 9. Tofauti ya milioni 8.5 ni zile 6 zilizohesabiwa mara mbili na 2.5 ambazo hazikuhesabiwa kabisa. Kwa hiyo kiwanda kilikuwa na matatizo mawili: fedha inayochelewa, na fedha ambayo haikuwahi kuwepo.

Wakulima walikaa chini ya mti tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Wiki iliyofuata mbegu ilikwenda kwa walanguzi, kwa bei ya chini, fedha mkononi. Kiwanda kikabaki na mashine na oda, bila mbegu ya kukamua. Halafu kwenye mkutano nikasikia kwamba wakulima wa eneo hili hawana uaminifu kwa kikundi chao!

Hesabu hii ingefanyika Jumatatu tarehe 7, kulikuwa na siku 11 za kufanya jambo. Muuza madumu angeombwa asubiri, na Ijumaa ile kungekuwa na milioni 6.5. Hapo kila mkulima angelipwa theluthi yake, akaambiwa theluthi ya pili ni baada ya tarehe 25. Yule wa Dodoma angeambiwa mzigo wa tarehe 16 hautoki mpaka milioni 9 za mwanzo ziingie. Mkulima anaielewa theluthi iliyofika siku iliyosemwa. Asichoelewa ni ahadi nzima iliyovunjika.

Wengine wataniambia hii ni kazi ya viwanda vikubwa. Si kweli. Toa ripoti mbili na orodha ya oda, zipeleke kwenye Ekseli, panga kwa wiki 13 mbele. Ukishaijua tabia ya kila mteja, ni kazi ya nusu saa kila Jumatatu. Kabla ya kuanza wiki mpya, linganisha makadirio ya wiki iliyopita na karatasi ya benki, na kila tofauti uiandikie sababu: ilichelewa, ilihesabiwa mara mbili, au haikuwa kwenye orodha. Sababu ya kuchelewa ikijirudia kwa mteja yuleyule, siku zake zimebadilika. Zirekebishe.

Hata hivyo njia hii ina mpaka wake. Wiki nne au sita za mwanzo zitakuwa karibu na ukweli, maana zinatokana na ankara na oda zilizopo. Zaidi ya hapo oda za leo zinakwisha, na karatasi itaonyesha fedha zikikauka hata kama biashara ni nzima. Usitishwe na wiki ya kumi, wala usijaze nafasi hiyo kwa oda za maneno. Mteja aliyesema "nitachukua" bado hajachukua.

Viongozi, ombi langu ni moja. Siku mkitaka kutangaza tarehe ya malipo, karani asiwaletee jumla. Awaletee karatasi ya wiki kwa wiki, na kando ya kila mteja iandikwe idadi ya siku anazochelewa. Kama safu hiyo haipo, msitangaze.