Sentensi gani ilirudisha gunia?



Mwezi wa kumi, mama mmoja wa Walikale aliturudishia gunia la maharagi kwa gari lile lile lililompelekea. Alikuwa amepika tangu asubuhi, makala yakamwishia, na jioni watoto wakala maharagi yanayolia chini ya meno. Katika daftari la kikundi chetu tuliandika neno moja tu: "mabaya". Hilo ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza, kwa sababu neno kama hilo halifundishi kitu.

Tangazo tulilokuwa tunatuma kwa simu lilikuwa fupi: "Maharagi mapya ya Masisi. Masafi. Yanaiva haraka. Gunia kilo 25." Toka mwezi wa saba mpaka wa kumi tuliuza magunia 40, na wanunuzi 9 walirudisha ao walilalamika. Basi tuliwapigia simu wote, mmoja mmoja, tukawauliza maswali mawili: Ulitazamia nini? Neno gani katika tangazo letu lilikufanya utazamie hivyo? Majibu tuliyaandika kwa maneno yao wenyewe, bila kuyatengeneza. Halafu tulichukua karatasi, tukaandika kila sentensi ya tangazo peke yake, na chini yake tukaweka malalamiko yanayoihusu.

Wawili walisema kilo hazikutimia. Mmoja aliokota mawe. Mwingine alikuwa amebadilisha mawazo tu. Huyo hatukumweka chini ya sentensi yoyote. Watano waliobaki walitaja maneno mamoja: "Yanaiva haraka."

Hapo tungeweza kufuta sentensi hiyo na kumaliza. Lakini tuliangalia kwanza tarehe. Wote watano walinunua mwezi wa kumi. Wale wa mwezi wa saba walisoma tangazo lile lile, na hakuna hata mmoja aliyelalamika juu ya kuiva. Maharagi yalikuwa ya mavuno ya mwezi wa sita. Mwezi wa saba sentensi ilikuwa kweli; mwezi wa kumi ilikuwa imegeuka uongo, na sisi tuliendelea kuituma. Maharagi yakikaa miezi mahali penye joto na unyevu, yanakuwa magumu ndani, na hata ukiongeza moto yanakawia sana kulainika. Depo yetu ilikuwa chini ya mabati, na magunia yalikaa juu ya udongo. Neno "mapya" nalo lilisaidia udanganyifu: kwetu lilikuwa na maana ya mavuno ya mwisho, kwa mnunuzi lilikuwa na maana ya juzi.

Sasa tunafanya hivi. Kabla ya kutuma tangazo tunachota kikombe kimoja kutoka katikati ya gunia, tunakilowesha usiku mzima, tunakipika juu ya mbabula, na tunahesabu dakika toka maji yanapoanza kuchemka mpaka punje inapopondeka kati ya vidole viwili. Halafu tunaandika tulichoona: "Maharagi ya mavuno ya mwezi wa sita. Tuliyalowesha usiku, tukayapika tarehe 20 mwezi wa kumi: yaliiva kwa dakika 140." Mama anayesoma hivyo anaweza kuhesabu makala yake mwenyewe. Kipimo kinarudiliwa kila mwezi, na tangazo linabadilika pamoja nacho.

Lakini si kila lalamiko linaponywa kwa kalamu. Kuhusu kilo, sentensi haikuwa na shida. Kazi yetu ndiyo ilikuwa na shida. Tulipima maharagi yakiwa bado na maji ya shamba. Gunia la kilo 25 la namna hiyo, likikauka vizuri, linaweza kupoteza kilo nzima na zaidi. Tuliacha maneno "kilo 25" kama yalivyo, tukahamisha mizani: sasa tunapima siku ya kupakia. Kwa mawe, tulirudi kuchagua kwa mikono. Ukikuta sentensi nzuri iliyosimama juu ya bidhaa mbovu, tengeneza bidhaa.

Tangazo jipya lilikuwa na bei yake. Wanunuzi wengine walisoma "dakika 140" wakaacha, na magunia ya mwisho tuliyauza kwa franka chache zaidi. Lakini kwa sababu ya kuiva, hakuna gunia hata moja lililorudi katika yale 12 yaliyobaki. Magunia 12 ni machache, hatuwezi kuapa juu yake. Ndiyo maana msimu huu tumegeuza sentensi hiyo moja tu, pamoja na neno "mapya" lililo ndugu yake. Tukigeuza zote kwa siku moja, hatutajua ni ipi iliyosaidia.

Yule mama wa Walikale tulimrudishia franka zake pamoja na za gari. Mwezi wa kwanza, mavuno mapya yalipotoka, aliuliza swali moja tu kabla ya kununua: "Dakika ngapi?"