Sababu, Nia, Uwezo: Neno Lililokosekana Novemba 1978

Kila muhula, tunapofika kwenye mada ya vita vya haki, hupokea insha zinazofanana kama matofali ya tanuru moja. Mwandishi anaorodhesha vigezo sita vya kuingia vitani: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema, vita kuwa njia ya mwisho, uwezekano wa kushinda, na uwiano kati ya madhara na manufaa. Kisha anatangaza kwamba Vita vya Kagera vilitimiza vigezo vyote, na ushahidi wake ni hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, alipoliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, nia ipo na uwezo upo. Anaweka nukta na kukabidhi karatasi.

Insha hiyo naipinga. Siipingi kwa kudhani kwamba vita vile vilikuwa batili. Kwa maoni yangu vilikuwa miongoni mwa vita vichache vya karne iliyopita vinavyoweza kutetewa mbele ya mtu mwenye akili timamu. Naipinga kwa sababu inachukua hotuba ya kuwatia wananchi moyo na kuigeuza hukumu ya kifalsafa, na kwa kufanya hivyo inafunika swali gumu kuliko yote ambayo vita vile vinatuuliza.

Tuanze na maneno yenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliweka masharti matatu ya vita vya haki: mamlaka ya mtawala, sababu ya haki, na nia iliyonyooka. Mwalimu, Mkatoliki aliyesoma sana, naye alitaja mambo matatu. Msomaji mwenye haraka huona mapacha. Lakini ziweke orodha hizo bega kwa bega. Sababu inalingana na sababu, hapo hakuna mgogoro. Nia hailingani na nia. Tomaso anauliza moyo wa anayepigana unatafuta nini: amani na kuzuia uovu, au kisasi, mali na utukufu? Mwalimu alimaanisha azma, yaani kwamba tumekwisha kuamua na hatutarudi nyuma. Mtu anaweza kuwa na azma ya chuma huku nia yake imeoza. Na mahali ambapo Tomaso aliweka mamlaka, Mwalimu aliweka uwezo.

Simlaumu. Siku ile hakuna Mtanzania aliyekuwa na shaka juu ya mamlaka. Majeshi ya Amin yalikuwa yameingia mwishoni mwa Oktoba, yameua raia, yamepora ng'ombe na kiwanda cha sukari, na Amin alikuwa ametangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Rais wa nchi iliyovamiwa anapoamuru jeshi lake lijibu, haulizwi hati. Hata Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inamtambua. Kwa vita vya kuurudisha ukingo wa kaskazini wa mto ule, maneno matatu ya Mwalimu yalitosha kabisa.

Tatizo ni kwamba vita havikuishia mtoni, na nadharia inayofundishwa kwa orodha hailioni tatizo hilo. Orodha huvichukulia vita kama tendo moja linalopimwa mara moja, mlangoni. Ukishaingia kwa haki, unabaki na swali moja tu, la namna unavyopigana. Kagera inaonyesha kosa la mtazamo huo kuliko mfano wowote nilioukuta katika vitabu vya Wazungu.

Fuata kalenda. Katikati ya Novemba 1978 Amin, kwa shinikizo la nje na la jeshi letu lililokuwa likijikusanya, alitangaza kwamba anaondoa askari wake. Kufikia mwanzoni mwa Januari 1979 eneo letu lilikuwa limerudi, likiwa limeteketezwa. Baadaye mwezi huohuo jeshi likavuka mpaka na kutwaa Mutukula, na hoja ya kijeshi ilikuwa nzito: mwinuko wa pale uliwapa askari wa Amin nafasi ya kuipiga Kagera kwa mizinga. Hapa bado tunaweza kusema ni kujilinda, kwa kuwa anayekurushia mawe akiwa juu ya paa la kwake hakuachi na namna nyingine ila kulifikia paa hilo. Lakini Februari tulikwenda Masaka na Mbarara. Machi tulipambana Lukaya na kikosi cha Amin kilichosaidiwa na Walibya. Tarehe 11 Aprili Kampala ilikuwa mikononi mwetu, na mwanzoni mwa Juni majeshi yalifika mpaka wa Sudan. Kutoka Mto Kagera hadi mpaka wa Sudan hakuna mtu anayeweza kuniambia kwamba tulikuwa tukiilinda Kyaka.

Kila kituo katika safari hiyo kilihitaji kibali chake. Mwalimu mwenyewe alilijua hilo vizuri kuliko wanafunzi wanaomnukuu. Mwanzoni hakupanga kufika Kampala. Aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani mvamizi, akataka fidia, akataka Amin aache madai ya ardhi yetu. Umoja ule ulipendelea usuluhishi usiomtaja mkosaji. Baadaye akaeleza kwamba zipo vita mbili ndani ya Uganda: Watanzania wanapigania usalama wa nchi yao, na Waganda wanapigania kumwondoa dikteta wao.

Maelezo hayo yalikuwa ya ustadi mkubwa wa kidiplomasia, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Mkataba wa Addis Ababa wa 1963 ulikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na Tanzania ilikuwa imeutetea. Kwa hiyo hatukusema wazi kwamba tunakwenda kuiangusha serikali. Lakini sababu kubwa kuliko Kagera ilikuwa palepale: utawala ambao makadirio yanayotajwa mara nyingi yanafikisha waliouawa chini yake 300,000, uliompoteza Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka mwaka 1972 na kumuua Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977. Hiyo ndiyo hoja inayoweza kulifikisha jeshi Kampala. Michael Walzer, ambaye kitabu chake cha 1977 ndicho kilichoifufua nadharia hii vyuoni, anaitaja Tanzania nchini Uganda pamoja na India katika Pakistani ya Mashariki kama mifano ya uingiliaji unaokubalika kwa ajili ya kuwaokoa watu, na anakiri kwamba nia za waokoaji huwa mchanganyiko.

Mpinzani wangu atauliza: kama sababu ni mauaji ya Waganda, mbona hatukwenda 1972, wala 1977? Swali ni halali, na jibu la kweli ni kwamba bila Kagera tusingekwenda. Lakini hilo halibatilishi uokoaji. Jirani anayeingia nyumba inayoungua kwa kuwa cheche zimeruka hadi kwenye paa lake, akatoka na watoto wawili, watoto wale wameokolewa. Anachopoteza ni haki ya kujiita mtakatifu, na wajibu wake kwa watoto wale unaanza pale pale.

Hapa neno lililokosekana linarudi kudai nafasi yake. Nani alikuwa na mamlaka ya kuikomboa Uganda? Si Rais wa Tanzania. Yeye alikuwa na mamlaka ya Kagera. Amin hakuwa na mamlaka ya kimaadili juu ya watu aliowaua. Waganda wenyewe walikuwa uhamishoni, vikundi kwa vikundi, visivyoaminiana. Mamlaka ikabidi itengenezwe. Ilitengenezwa Moshi kwa siku tatu, kuanzia 24 Machi 1979, jeshi likiwa tayari katikati ya njia ya Kampala, na Profesa Yusuf Lule akachaguliwa kuongoza umoja wa vikundi vile. Mamlaka iliyofuata bunduki badala ya kuitangulia ilidumu Ikulu siku 68. Akaja Binaisa, naye akaondolewa. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote huku wapinzani wakidai umeibwa, na mwaka uliofuata msitu wa Luwero ukaanza kula watu. Wanaodai kwamba haki baada ya vita ni kiambatisho cha hiari katika nadharia hii wasome miaka miwili hiyo.

Kigezo cha mamlaka kina doa la zamani pia, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kulitafuta mbali. Panda basi hapa Uyole uelekee Iringa. Karibu na njia hiyo ndipo Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Zelewski kilichokuwa kimeingia Uhehe. Mkwawa alikuwa na nchi, jeshi na ngome ya Kalenga. Sababu yake ilikuwa safi kuliko ya serikali nyingi zilizopewa viti katika mikutano ya sheria. Lakini sheria ya mataifa ya wakati ule ilimwona mwasi wa kutiishwa, kwa kuwa mamlaka iligawiwa na wale walewale waliokuwa wakivamia. Wakosoaji wanaosema kwamba nadharia hii ilizaliwa ikiwa upande wa dola wana haki, na kaburi la Mkwawa ni shahidi wao. Ila wakitoka hapo wakahitimisha kwamba vigezo vyote ni hila za Wazungu, wanajinyang'anya lugha ya kuuita uvamizi wa Uhehe dhuluma.

Nimeacha Masaka mwisho kwa makusudi, kwa sababu insha zetu huwa hazifiki huko. Mutukula ilibomolewa kwa matingatinga, na raia waliuawa pale. Taarifa zilipomfikia Mwalimu zilimchukiza, akaamuru raia na mali zao zisiguswe. Amri hiyo ni sehemu ya historia. Ni sehemu ya historia pia kwamba mwezi uliofuata Masaka ilisambaratishwa, na askari wengi waliiona kazi ile kama malipo ya Kagera. Mwenye duka wa Masaka hakuwa ameivamia Kagera. Alikuwa mmoja wa watu ambao, miezi miwili baadaye, tulisema tumewakomboa. Hapo ndipo nia ya Tomaso, ile ambayo hotuba haikuigusa, ilipoonekana wazi: kisasi kilikuwa kimeingia kwenye msafara.

Kuna hoja moja inayotumiwa kufunika hilo. Jeff McMahan, katika kitabu chake cha 2009, anamkosoa Walzer kwa kusema kwamba askari wa pande mbili ni sawa kimaadili. Kwake, anayepigania dhuluma hana haki sawa ya kuua na anayejilinda. Hoja ni nzito, na nikiwafikiria mgambo wetu waliotolewa mashambani kwenda kupigana na waliowavamia, inanivuta. Lakini nimewasikia wanafunzi wakiinyoosha hadi kwa raia, kana kwamba kuwa upande wa Amin kwa kuzaliwa ni hatia. McMahan hakusema hivyo. Na njia nyingine ilikuwepo: jeshi lilelile, lilipoikaribia Kampala, liliiacha wazi barabara ya Jinja ili Walibya na wengine wapate kutoka, na mji mkuu haukugeuzwa Masaka ya pili.

Kwa hiyo anayejiandaa kwa karatasi ya mwaka huu asianzie 2 Novemba. Aanzie siku Amin alipotangaza kuondoka, aniandikie sababu iliyobaki baada ya hapo, ya nani, na kwa mamlaka gani. Hotuba naijua.