Heshima Si Urefu wa Barua

 

Binti yangu alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni hapa Uingereza, bibi yake alifariki Tanga siku ya Jumatatu. Ijumaa ya wiki ile alitakiwa kuwasilisha insha. Akaniuliza, "Mama, nimwandikieje mhadhiri?" Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikakaa naye mezani, nikawa namtajia maneno naye anayageuza Kiingereza. Tulianza kwa kumtakia mhadhiri heri yeye na familia yake. Tukaomba radhi kwa kumsumbua. Tukaeleza bibi alivyougua, nani alimpeleka hospitali, na namna msiba ulivyotukuta tuko mbali. Tukamshukuru kwa mafundisho yake. Mwisho kabisa tukaandika kwamba tutashukuru kwa msaada wowote atakaoweza kutupa.

Mhadhiri alijibu siku ile ile, tena kwa upole. Alimpa pole na kumwambia ajitunze. Kuhusu insha hakusema neno. Sisi tukaelewa kwamba amekubali, na binti akaiwasilisha Jumatano iliyofuata. Insha ilistahili alama 61. Ikaandikwa 40, kwa sababu ilichelewa bila kibali.

Nilikasirika sana siku ile. Baadaye nikaisoma upya barua yetu, nikaona kwamba hatukuomba kitu. Kwetu, ukimweleza mtu mzima msiba wako kisha ukasema "msaada wowote", umeshaomba, na yeye anajua aseme nini. Kumtajia siku ngapi unataka ni kama kumwamrisha. Mhadhiri yule hakulelewa hivyo. Alisoma habari ya msiba, akajibu habari ya msiba.

Tangu siku ile nina maoni ambayo baadhi ya wazazi wenzangu hawayapendi. Nasema watoto wetu hawakosi adabu wanapoandika kwa wakubwa. Adabu wanayo, ila wanaiweka pasipo pake: wanaijaza kwenye salamu ndefu na radhi nyingi, halafu wanakosea jina la mtu na kulificha ombi. Huku mambo yako kinyume. Heshima inapimwa kwa jina na cheo vilivyoandikwa sawasawa, na kwa ombi ambalo msomaji analiona mara moja.

Wala si mambo ya Kizungu tu. Sisi tuliosoma sekondari Tanzania tulifundishwa barua za aina mbili. Barua ya kirafiki ina salamu na habari za nyumbani. Barua rasmi ina anwani, ina "Yah:" na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, kisha unaingia kwenye jambo lako. Hakuna mwalimu aliyesema barua rasmi haina heshima. Kosa langu ni kwamba nilimwandikia mhadhiri barua ya kirafiki kwa mkubwa, wakati jambo lenyewe lilitaka barua rasmi fupi.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo tunapojikwaa zaidi. Sisi tunaunganisha cheo na jina la kwanza: Mwalimu Asha, Dokta Juma, Profesa Anna. Kwa Kiingereza cha barua, cheo kinakwenda na jina la ukoo. Tuseme mhadhiri anaitwa Jane Brown na ana shahada ya uzamivu. Barua ya kwanza inaanza hivi: `Dear Dr Brown`. Ukiandika `Dear Dr Jane`, ataelewa, lakini itamkaa vibaya, kama mtu kukuita wewe "Bibi Mkubwa wewe". Ukiandika `Dear Miss Brown` umemvua cheo alichokisomea miaka mingi. Wanawake wenye shahada hiyo wanavuliwa cheo namna hii mara nyingi, na wengi hawapendi. Watoto waliozoea kuita walimu wa sekondari `Miss` na `Sir` wajue kwamba maneno hayo yanabaki sekondari. Chuoni yanamfanya mwandishi aonekane bado mtoto.

Hapa Uingereza si kila mhadhiri ni profesa. Profesa ni daraja la juu, na wengi wanaofundisha hawajalifikia. Marekani ni tofauti kidogo: mwanafunzi anaweza kumwita karibu kila anayemfundisha chuoni `Professor`, na hakuna atakayeshangaa. Kwa hiyo usikisie. Fungua ukurasa wa idara, mtafute mtu huyo, uandike cheo kama kilivyoandikwa pale. Hospitalini kwetu niliwahi kumwita daktari bingwa wa upasuaji `Dr`, mwenzangu akanirekebisha. Madaktari wa upasuaji wa hapa, wakishafaulu mitihani yao ya upasuaji, wanarudi kuitwa `Mr` au `Miss`, kwa sababu zamani walijifunza kwa fundi na si chuo kikuu. Ningeendelea kukisia ningeendelea kukosea, na nia yangu njema isingenisaidia.

Baada ya barua ya kwanza, angalia anavyojibu. Kama chini ya maneno yake ameandika kwa mkono wake `Jane`, amekufungulia mlango. Barua ya pili unaweza kuandika `Dear Jane`, na si utovu wa adabu. Kama ameandika `Dr Brown` au `J Brown`, baki ulipo. Usidanganyike na ile saini ndefu yenye jina lote, idara na namba ya simu. Ile inajibandika yenyewe kwenye kila barua, na haisemi chochote kuhusu wewe na yeye. Angalia jina lililo juu yake. Kama hakuna jina hapo, endelea na cheo. Kukosea kwa kuzidisha heshima ni rahisi kusamehewa kuliko kukosea kwa kuipunguza.

Sasa ombi. Sisi wauguzi tunapompigia daktari usiku tumefundishwa mpangilio: hali ilivyo sasa, historia kwa ufupi, tunavyoona, na tunachotaka afanye. Daktari aliyeamshwa saa tisa usiku akisikia hadithi ndefu, mgonjwa anachelewa kuhudumiwa. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 yuko hivyo hivyo. Leo ningemwandikisha binti yangu hivi. Kwenye `Subject`: ombi la kuongezewa muda wa insha, namba ya somo, na jina lake kamili. Kisha `Dear Dr Brown`, na baada yake:

"Bibi yangu alifariki Jumatatu, na sitaweza kumaliza insha ya Ijumaa. Naomba siku saba zaidi, yaani hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Kama wewe si mwenye kutoa kibali hiki, tafadhali nielekeze kwa nani na kwa fomu ipi. Naweza kuleta uthibitisho ukihitajika."

Halafu `Kind regards`, jina lake na namba yake ya mwanafunzi. Ni sentensi nne tu. Msiba umetajwa, heshima ipo, na mhadhiri hawezi kujibu bila kugusa siku saba.

Ile sentensi ya tatu ndiyo ingetuokoa. Katika vyuo vingi vya hapa mhadhiri hana mamlaka ya kuongeza muda hata akitaka. Kuna fomu, na kwenye tovuti ya chuo huwa inaitwa `Extenuating Circumstances` au `Mitigating Circumstances`. Inajazwa kabla ya tarehe ya mwisho au siku chache tu baada yake. Upole wa mhadhiri si kibali.

Mkuu wa kitivo haandikiwi kwanza. Anaandikiwa pale ngazi za chini zimeshindikana, na hapo barua inavaa suti: `Dear Professor Brown`, au kule Marekani `Dear Dean Brown`; namba ya mwanafunzi na jina la kozi mwanzoni; nani ulishamwandikia na tarehe gani; unachoomba kwa sentensi moja; na mwisho `Yours sincerely`. Usimuanze kwa `Dear Sir` wakati jina lake liko kwenye tovuti. Inaonyesha kwamba hukujisumbua kulitafuta, na huenda ni mwanamke.

Wazazi, kwa mwalimu mkuu sisi tunakosea upande wa pili. Chuoni watoto wanazidisha unyenyekevu, huku sisi tunaandika kama tunamtumia jirani ujumbe: "Tunasafiri Mombasa kwa mazishi, watoto watarudi baada ya wiki mbili." Hiyo ni taarifa, na yeye alihitaji ombi. Tangu Septemba 2013, mwalimu mkuu wa Uingereza anaruhusiwa kutoa likizo katikati ya muhula kwa sababu za kipekee tu, na mzazi anatakiwa kuomba kabla. Mtoto akikosa siku tano bila ruhusa, kila mzazi anaweza kutozwa pauni 160 kwa kila mtoto, au 80 akilipa ndani ya siku 21. Kwa hiyo andika jina la mwalimu mkuu kama lilivyo kwenye tovuti ya shule, jina kamili la mtoto na darasa lake, tarehe ya kuondoka na ya kurudi shuleni, na neno lenyewe: naomba ruhusa. Taja kwamba ni mazishi ya bibi yake. Usiache sababu akaikisia.

Mzazi mmoja aliniambia, "Mwalimu, unawafundisha watoto ukavu." Nikamjibu kwamba mtoto akimpigia simu babu yake Pemba na kusema ombi kabla ya shikamoo, mimi ndiye wa kwanza kumkemea. Nikiandika Kiswahili kwa mwalimu wangu wa zamani naanza na shikamoo, na nauliza hali ya nyumbani kabla ya lolote. Mtoto wetu ana lugha mbili, na kila moja ina mlango wake wa kuingilia kwa mkubwa. Kumfundisha mlango mmoja tu na kumwacha agonge ukuta kwenye nyumba ya pili si kulinda mila. Mimi nilifanya hivyo, na binti yangu alilipa alama 21.

Jumamosi ijayo darasa la wakubwa lije na barua pepe moja ambayo kila mmoja ameshaituma kwa mwalimu au mhadhiri. Tutaziandika upya kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili kama zingekwenda kwa mwalimu mkuu wa Tanga, tuone salamu inahama kutoka wapi kwenda wapi.