Kwa nini programu ya benki hukataa kidole kipya?

Mwizi aliyechungulia namba ya siri ya simu yako kabla ya kukupora anaweza kuingia kwenye mipangilio na kusajili kidole chake. Je, anaweza pia kufungua programu yako ya benki? Inategemea chipu ya usalama iliyomo ndani ya simu, na jinsi benki ilivyoitumia.

Chipu hiyo ina kumbukumbu yake, mbali na programu nyingine. iPhone zimekuwa na sehemu ya aina hiyo tangu iPhone 5s ya mwaka 2013, na Google iliweka chipu ya Titan M kwenye Pixel 3 mwaka 2018. Simu nyingi nyingine za Android hutumia sehemu iliyotengwa ndani ya prosesa kuu.

Unapojisajili, programu ya benki huiomba chipu itengeneze jozi ya funguo. Ufunguo wa wazi hupelekwa benki. Ule wa siri hubaki ndani ya chipu, na hata programu yenyewe haiwezi kuusoma. Ukitaka kuingia, benki hutuma namba ya kubahatisha, nawe unaweka kidole. Kidole kikitambuliwa, chipu huitia saini namba ile, na benki huihakiki saini kwa ufunguo wa wazi.

Sasa turudi kwa mwizi. Ufunguo wa siri unaweza kufungwa kwa vidole vilivyosajiliwa siku ulipotengenezwa. Kidole kipya kikiongezwa, ufunguo hubatilika moja kwa moja. Programu hukosa saini, hivyo hudai nywila ya benki upya. Usumbufu unaowaudhi wateja wengi ndio unaomzuia mwizi.

Lakini baadhi ya programu huuliza tu kama simu imekikubali kidole, bila kudai saini yoyote. Hapo kidole cha mwizi kinatosha. Unaweza kupima mwenyewe: hakikisha unaikumbuka nywila ya benki, sajili kidole chako kingine, kisha fungua programu kwa kidole hicho. Ikikubali papo hapo, ulinzi huo haupo. Kifute kidole hicho na utumie nywila badala ya alama ya kidole.

Tukumbuke pia mipaka. Ikiwa namba ya siri ya benki ni ile ile ya simu, mwizi tayari anayo. Anayetuma pesa kwa kupiga *150*00# hatumii ufunguo huu hata kidogo. Kinga yake ni laini na namba ya siri. Na tapeli akikushawishi kwa maneno uidhinishe malipo, chipu itatia saini kama kawaida, kwa kuwa inachokijua ni kidole tu, si nia ya anayepokea pesa.