Kazi ya uuguzi Ujerumani: piga hesabu ya marejeo kabla ya safari

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji wa kazi mjini Berlin, tarehe 13 Septemba 2024, mawakala wametapakaa kila mahali, kuanzia Likoni hadi vijiji vya Kitui. Wengi bado wanataja nafasi 250,000. Idadi hiyo serikali ya Ujerumani yenyewe iliikana siku zile zile. Mkataba haukutaja idadi yoyote. Ulichofungua ni njia, na njia yenyewe ina masharti.

Tuchukue mfano wa binti wa Tulia, Kitui, mwenye diploma ya uuguzi. Amekaa nyumbani miaka miwili akingoja kaunti iajiri. Wakala anamwambia akisoma Kijerumani hadi kiwango cha B1 ataondoka. Swali la kwanza ni hili: anaondoka kama nani?

Mara nyingi anachouziwa ni Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi ya miaka mitatu. Kwa aliyemaliza sekondari tu, hiyo ni nafasi nzuri. Kwa muuguzi aliyekwisha kufuzu, ni kurudishwa darasa la kwanza. Katika hospitali za umma, mwaka 2024 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alilipwa kiasi cha yuro 1,300 hadi 1,400 kwa mwezi kabla ya makato, na kodi ya nyumba inamngoja.

Iko njia nyingine, ya kuomba diploma yake itambuliwe. Mamlaka ya jimbo la Ujerumani hulinganisha masomo yake na yao, kisha humwandikia barua ya kueleza kilichopungua. Hapo hufanya mtihani au kozi ya kuziba pengo, huku akiajiriwa kama msaidizi wa muuguzi. Akifaulu, na Kijerumani chake kikifika B2, anapewa leseni kamili na mshahara wa muuguzi. Njia hii inataka lugha zaidi na karatasi nyingi, lakini haifuti miaka aliyosoma. Wakala asiyeitaja kabisa mbele ya muuguzi ana sababu yake.

Sasa tuje kwenye marejeo. Wahenga wetu walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Je, binti huyu akirudi baada ya miaka minne au mitano, atashika nini mkononi?

La kwanza ni ujuzi. Diploma ya Kenya humfundisha muuguzi ukunga pamoja na afya ya jamii. Ujerumani ukunga ni taaluma mbali. Wageni wengi hupelekwa kwenye nyumba za wazee, kuogesha, kulisha na kugawa dawa. Ni kazi ya heshima, lakini zahanati ya kijijini inamtaka mtu wa kuzalisha usiku wa manane, naye miaka mitano hajashika mtoto mchanga. Kwa hivyo asome mkataba: anapelekwa wodi ya hospitali, au nyumba ya wazee? Na leseni yake ya Baraza la Wauguzi la Kenya aihuishe kwa wakati akiwa huko, pamoja na masomo ya kuendeleza ujuzi yanayotakiwa. Ikilala, kuiamsha ni kazi.

La pili ni pensheni, ambayo mawakala hawaizungumzii. Kila mwezi hukatwa asilimia 9.3 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Tuseme analipwa yuro 3,000. Anakatwa 279, na kwa miezi 48 ni yuro 13,392. Akirudi Kenya, anaweza kuomba arudishiwe fedha hizo alizokatwa, miezi 24 baada ya kuacha kuchangia. Sehemu ya mwajiri haipati. Akishatimiza miezi 60 ya michango, ana chaguo jingine. Anaweza kungoja pensheni ya uzeeni, akiwa na miaka 67. Kumbuka pia miaka ya Ausbildung huhesabiwa kwenye miezi hiyo. Mwenye kutaka pensheni asiondoke kabla ya kuitimiza.

La tatu ni mlango wa kurudi Ujerumani mambo yakikwama huku. Kwa kawaida, ukikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miezi sita, kibali chako cha kuishi hufa. Usiondoke "kujaribu nyumbani" kabla ya kuuliza idara ya wageni, na upate jibu kwa maandishi.

Basi kabla ya kuuza ng'ombe au shamba, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kisha umwombe mkataba kwa lugha unayoielewa, na utafute kifungu kinachosema utalipa kiasi gani ukiacha kazi mapema. Akisema utasomewa ukifika, rudi nyumbani ukalale.