Kabla Hujanunua Pikipiki ya Duka, Piga Hesabu Hii

Wengi wakitaka kununua pikipiki ya kupelekea wateja mizigo huuliza, "Itajilipa baada ya muda gani?" Kwa maoni yangu swali hilo halitoshi. Chukua mfano wa mama mmoja mwenye duka hapa Ruiru. Hesabu zake ni za mfano tu, wewe utaweka zako.

Anauza gesi, unga na maji. Kila siku wateja wa Kimbo na Membley wanampigia: "Mama, niletee mtungi." Pikipiki ni shilingi 180,000. Akitoa petroli, bima, servisi na mshahara wa kijana wa kuiendesha, anaona itamwachia 90,000 kwa mwaka, na baada ya miaka mitatu ataiuza 50,000. Kwa hesabu ya haraka, miaka miwili imejilipa.

Lakini pesa hiyo ikikaa kwa stoki humzalishia shilingi 25 kwa kila 100 kwa mwaka. Kwa hivyo 90,000 ya mwaka wa kwanza anaigawanya kwa 1.25, na kwa thamani ya leo inakuwa 72,000. Ya mwaka wa pili anaigawanya mara mbili, inabaki 57,600. Ya tatu, mara tatu: 46,080. Ile 50,000 ya kuuza pikipiki nayo inashuka hadi 25,600. Jumla ni 201,280, yaani 21,280 juu ya bei. Basi anunue?

Bado. Kwa mwezi mzima alikodi boda, na kila jioni akafungua taarifa ya malipo kwenye simu na kuweka alama kwa majina ya waliopelekewa. Alipolinganisha na miezi ya nyuma, aliona baadhi yao ni wale wale waliokuwa wakija dukani kwa miguu. (Hao ndio hupenda kuletewa kuliko wote, na huwezi kuwalaumu.) Faida yao alikuwa nayo tayari, pikipiki inamwongezea petroli tu. Akiwatoa, inabaki 75,000 kwa mwaka. Akigawanya vilevile anapata 60,000, 48,000 na 38,400, na pamoja na ile 25,600 ni 172,000. Amepungukiwa na 8,000.

"Si bado inarudisha pesa?" mumewe akauliza. Inarudisha, ila stoki ingerudisha zaidi.

Hapo kuna jambo moja la kuangalia. Kama rafu zimejaa na mitungi ya ziada italala tu, basi hiyo 25 si yako. Tumia kile ambacho akiba yako inakulipa. Ikiwa ni 10 kwa kila 100, gawanya kwa 1.10, na pikipiki hiyo hiyo inaleta faida ya kama 44,000.

Yake haijalala, gesi inaisha kila wiki. Amerudi kwa muuzaji na bei moja tu, 172,000, asiongeze hata mia. Kwa sasa boda wa kukodi anaendelea.