Acheni Kubahatisha Noti za Anatomia

Kila klasi ya udaktari iko na yule msee wa kutaipu noti. Anachukua daftari la mwenzake, mwandiko wa kuku, na kesho yake kunatua muhtasari msafi kwa WhatsApp: vichwa, vifungu, kila kitu kimepangwa. Alama ya kuuliza hakuna hata moja. Watu wanamshukuru. Mimi nasema huo usafi ndio shida.

Chukua mstari mmoja wa ukurasa wa mguu: "neva ya per_nia, L4–S2, huzunguka shingo ya fibula". Herufi ya nne imemezwa na wino. Ikiwa ni o, hiyo ni peronia, neva ya chini ya goti. Ikiumia pale kwa fibula, mtu hawezi kuinua wayo, vidole vinaburura chini akitembea. Ikiwa ni i, umepata perinia, na hiyo iko kule kati ya mapaja, tawi la neva ya pudenda, S2–S4. Hapa fibula imekuokoa. Sawa, andika peronia, lakini weka [?] kando yake, ndiyo msomaji ajue umekisia herufi, hukuiona.

Mstari unaofuata ni mgumu zaidi. "Tawi la ndani", mshale, "tibialis anterio", halafu neno limefutika kabisa. Msee wetu anafungua kitabu na kujaza. Lakini upande wa mbele wa mguu tawi hilo lina misuli mingine mitatu, na nani kamwambia mwalimu alitaja upi? Andika [neno 1 halisomeki, uk. 4] uende mbele. Ukitaka kuongeza ya kitabu, useme ni ya kitabu.

Na kuna kosa ambalo hata hawa wa kuweka alama hulipitia. Mpangilio wenyewe ni usomaji. Kwenye daftari, "peroneus longas" imeandikwa katikati ya mishale miwili, mmoja wa tawi la juujuu, mwingine wa tawi la ndani. Ukiuweka chini ya tawi la ndani, kila neno umelisoma sawa na bado umedanganya, maana msuli huo, unaogeuza wayo kwa nje, ni wa tawi la juujuu. Mshale usioeleweka unafaa alama kama neno lisiloeleweka: [mshale: juujuu au ndani?].

Najua jibu lenu: alama zinachosha macho usiku wa mtihani. Basi msingoje usiku huo. Tuma muhtasari na picha ya ukurasa siku hiyo hiyo, kisha keti na mwenye daftari mpitie alama moja moja, yeye akiwa bado anakumbuka mwalimu alisema nini. Ambayo hata yeye hawezi kuisoma, ibaki na alama yake.